Meneja, wa Tatu Kutoka Kushoto

Mimi ni mpiga picha wa Kahama, na kwa miaka ishirini niliandika maelezo ya picha kwa mtindo mmoja tu: mkubwa kwanza. Harusi, kipaimara, uzinduzi wa kisima, mazishi ya mfugaji mwenye ng'ombe wasiohesabika, kote ni hivyo hivyo. Mgeni rasmi, wa tatu kutoka kushoto, akiwa katika picha ya pamoja na wafuatao. Ukimruka mtu mwenye cheo, kesho yake mnakutana stendi anakupita kama nguzo ya umeme. Hilo lilinipata mara moja, likanitosha.

Simu zilipoanza kupiga picha nzuri kuliko kamera yangu, nikafunga studio, nikapata kazi kwenye mradi mmoja uliokuwa unawafundisha wanawake wa machimboni namna ya kuchoma dhahabu bila kuvuta moshi wa zebaki. Masomo yalikuwa kwenye tovuti, mtu anafungua kwa simu. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha, kuziweka kwenye somo na kuziandikia maneno. Kila picha ilikuwa na visanduku viwili vya kujaza. Cha kwanza ni maelezo yanayoonekana chini ya picha. Cha pili kinaitwa maelezo mbadala, hayaonekani, ila simu ya mtu asiyeona huyasoma kwa sauti. Mimi niliandika kitu kimoja kwenye visanduku vyote viwili. Kwa nini nijichoshe?

Ndipo akaja mwalimu. Alikuwa mama wa makamo kutoka Tabora, Mnyamwezi, kipofu tangu utotoni, na ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe mpya. Mimi Msukuma, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo utani ulianza kabla hata hajapewa kiti.

"Nimeambiwa hapa kuna Msukuma anayepiga picha," alisema. "Ng'ombe nao wanatulia?"

"Wanatulia kuliko Wanyamwezi," nikamjibu, tukawa ndugu papo hapo.

Alikuwa kwenye majaribio. Meneja wetu, mtu muungwana lakini mwoga wa lawama, alimpa muda aoneshe kama anaweza kufundisha akiwa hana macho. Mwalimu hakuficha kwamba kazi ile aliihitaji. Alishafundisha kwa kujitolea huku na huko hadi kujitolea kukamchosha, na alitaka, kwa maneno yake, kuitwa mwalimu na karatasi yenye mhuri.

Somo lake la kwanza lilikuwa machimboni Rwamgasa, chini ya turubai, kando ya wanawake wanaoponda mawe. Alikaa na simu mkononi na kisikilizio kwenye sikio moja, akafundisha vizuri ajabu, Kiswahili kikichanganyika na Kisukuma alichojifunzia kwa watani zake. Wanawake walikuwa wakifuata kwenye simu zao, watatu wanne kwa simu moja. Wakafika kwenye picha ya kifaa.

Kifaa chenyewe ni kijungu cha chuma chenye kifuniko na bomba lililopinda. Unaweka ndani donge la dhahabu na zebaki, unawasha moto chini, moshi wa zebaki unapita bombani, unapoa, unadondoka kwenye bakuli la maji. Mwalimu alikuwa amekishika ofisini, akakipapasa chote, lakini siku hiyo ya ofisini kilikuwa kitupu mezani na hakuna aliyekumbuka kumwekea bakuli.

Mama mmoja mwenye kilemba chekundu akauliza, "Mwalimu, hili bomba liingie ndani ya maji au libaki juu? Mimi huwa nalizamisha kabisa, moshi usitoke."

Somo liliandika: tazama kwenye picha ncha ya bomba inavyokaa. Basi mwalimu akaigusa picha, na simu ikamsomea sikioni. Nilimwona anakunja uso. Akaigusa tena. Halafu akasema, kwa unyoofu uliomgharimu, "Mama, hilo sijui. Nitakuletea jibu."

Minong'ono ikaanza. Mwingine akasema kwa Kisukuma, wala hakupunguza sauti, kwamba siku hizi kipofu ndiye anatuonesha njia. Wakacheka. Mwalimu aliyasikia na aliyaelewa. Ndani ya gari wakati wa kurudi, meneja akasema kwa upole kwamba Alhamisi ijayo tungerudi pale pale, na kama hali ingekuwa ile ile, ingebidi atafutwe mwalimu anayeona.

Kesho yake asubuhi mwalimu akaja kwenye meza yangu. Hakunisalimia. Akachomoa kisikilizio, akaiweka simu mbele yangu na kuigusa picha. Ile sauti ya mama wa kwenye simu ikatangaza:

"Meneja wa mradi, wa tatu kutoka kushoto, mwenye suti, akifurahia jambo na wanakikundi baada ya kukabidhi vifaa. Picha."

"Sasa niambie, Msukuma," akasema. "Bomba liko kushoto kwa nani?"

Nilihisi masikio yanawaka. Nikaanza kujitetea, kwamba hiyo ndiyo desturi, kwamba mkubwa hawezi kuachwa. Akaniacha nimalize, kisha akagusa picha nyingine ambayo sikuwa nimeiandikia chochote. Sauti ikasoma jina la faili, herufi na tarakimu mfululizo, kama mtu anayetaja namba ya gari lililoibiwa.

"Afadhali hii," akasema. "Haikunidanganya kwamba ina habari."

Aisee, niliona aibu. Nikavuta kompyuta nikaandika upya, haraka, nimalizane naye: Picha inayoonesha wanawake wanne waliovaa vitenge vya njano na kijani wakiwa wamezunguka kifaa cha kuchomea dhahabu, nyuma kukiwa na turubai la bluu, mbuzi wawili na anga lenye mawingu.

Simu yake ikasoma. Akasikiliza hadi mbuzi.

"Kwanza, simu imeshasema ni picha, usinirudishie. Pili, mbuzi hao wanafundisha somo gani?"

"Nilidhani unapenda kujua."

"Ningekuwa nanunua mbuzi ningependa. Msukuma wewe, ukiona mbuzi huwezi kunyamaza?"

Nikajaribu ya tatu: Kifaa cha kuchomea dhahabu kikitumika kwa usahihi. Nilijiona fundi. Yeye akacheka mpaka akashika meza.

"Kwa usahihi upi? Hapo umenipa cheti bila kunipa mtihani. Kaa. Nisomee sentensi iliyo juu ya picha."

Nikasoma: tazama kwenye picha ncha ya bomba inavyokaa.

"Basi. Picha hii imewekwa pale kwa sababu hiyo moja. Kwingine ingewekwa kwa sababu nyingine, ungeandika mengine. Anayeona anatakiwa apate nini hapo? Nami nipe hicho hicho."

Nikaikuza picha. Naapa, ile picha niliipiga mwenyewe, nikaikata, nikaipandisha kwenye tovuti, na nilikuwa sijawahi kulitazama lile bomba. Nilikuwa nimemtazama meneja, kama tai yake imekaa sawa. Sasa nikaona. Bomba limezungushiwa kitambaa kilicholowa, na ncha yake inaishia juu kidogo ya maji ya bakuli. Haijazama. Katikati kuna nafasi nyembamba.

Nikaandika polepole: Ncha ya bomba inaishia juu kidogo ya maji ya bakuli, haikuzama. Bomba limezungushiwa kitambaa kilicholowa.

Akaisikiliza mara mbili. Hakufanya utani. Akanyoosha vidole viwili mezani, kimoja kikiwa bomba, kingine uso wa maji, akaviachanisha kidogo.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo," nikasema.

Sababu ya kutozamisha tuliiandika ndani ya somo lenyewe, ili kila mtu aipate, anayeona na asiyeona: moto ukipungua, kijungu huvuta maji juu kupitia bomba, na maji yakiingia kwenye chuma cha moto kinaweza kupasuka.

Ikabaki kazi ya kumridhisha meneja. Alifungua ukurasa, akaingia kwenye kisanduku cha maelezo mbadala, akasoma.

"Mimi mmenitoa?"

Nilitaka kuyarudisha papo hapo maneno ya zamani. Miaka ishirini si mchezo. Mwalimu akaniwahi.

"Shikamoo meneja. Upo chini ya picha, na cheo chako chote, wa tatu kutoka kushoto. Wote watakusoma, hata mimi simu itanisomea. Ila ndani ya picha mwachie bomba nafasi, maana wewe hata ukizama kwenye maji hupasuki."

Nilikodoa macho sakafuni. Meneja akasita, kisha akacheka kwa pua, akasema marahaba, akatoka. Nikaketi na mwalimu siku nne nikiziandika upya picha zote za somo lile. Zile za pambo tu, za machweo na maua, alinifundisha niweke alama kwamba ni pambo, simu izipite kimya. Nilikuwa nimeziandikia aya nzima, za machweo hasa. Alinitania kwa hilo mpaka nikatishia kurudi kwenye harusi.

Alhamisi ikafika. Turubai lile lile, wanawake wale wale, na yule mama wa kilemba chekundu kakaa mbele. Meneja alisimama nyuma na mkoba wake.

Mwalimu hakuanza mwanzo. Akawaambia wafungue ile picha.

"Nyote mna macho," akasema. "Ncha ya bomba iko wapi?"

Wakainamia simu zao.

"Mimi namwona meneja," akasema mmoja. Wakacheka.

"Kitenge hiki kimeshonwa wapi?" akauliza mwingine.

"Acheni meneja apumzike. Tafuteni bakuli la maji. Mmelipata? Pandeni juu yake kidogo. Hapo hapo kuna ncha, na kati ya ncha na maji kuna nafasi. Mnaiona?"

Vichwa vikagongana juu ya simu. Mama wa kilemba chekundu akaileta simu karibu na pua.

"Mayu wee! Haikuzama!"

Mwalimu akawaeleza kwa nini. Aliyekuwa akicheka akaacha. Mama yule akakaa na simu mapajani, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye huchomea uani, na mjukuu wake hupenda kukaa pale anapopuliza moto.

Somo lilipokwisha hakuondoka. Akamshika mwalimu mkono, akamwambia, "Twende kwangu ukanitengenezee, nisije nikakosea tena." Na yule aliyesema habari za kipofu kuonesha njia akachukua ndoo ya maji, akawafuata, na wengine watatu nyuma yake.

Tuliwasubiri garini zaidi ya saa nzima, juani. Meneja hakulalamika, na si kawaida yake. Alikuwa ameikuza ile picha kwenye simu yake, anaitazama.

"Kumbe iko juu ya maji," akasema. "Mimi nilisimama pale pale."

"Ndiyo, bosi. Hata mimi."

Akafungua mkoba, akatoa barua niliyokuwa nimesikia habari zake ofisini, ya kumtafuta mwalimu mwingine. Akaichana vipande vinne, akavirudisha mkobani kwa sababu hapendi uchafu. Kisha akaniambia nimwambie mwalimu Jumatatu aje na vyeti vyake, mkataba wake uandikwe.

Nikamwambia, "Mwambie mwenyewe, bosi," kwa sababu mimi nilikuwa nimeshageukia dirishani nalia.