Namba za Miguu ya Sila

Nikodemo aliandika namba za uongo kwenye karatasi za mwanangu Sila kwa miaka mitatu, na daktari akaziamini. Kwa sababu ya namba hizo Sila hakupelekwa kupasuliwa wakati wake ulipofika. Amekufa ana miaka kumi na sita. Mimi sijui kusoma. Anyesi, binti wa dada yangu, ndiye anayeandika haya, na nimemkataza kulainisha neno langu lolote.

Sila alizaliwa Bahi mwaka 1944, mwaka wa maji mengi. Baba yake, Bartolomayo, alikufa mtoto hajaanza kutambaa, nami nikaja Dodoma kutafuta kazi. Nikapata uaya hospitalini: kufua mashuka, kuogesha watoto, kuwashika wanapodungwa. Sila alikua vizuri juu, kifua kipana, mikono ya mtu wa jembe. Lakini miguu ilikuwa myembamba na baridi hata jua la Oktoba likiwaka. Akikimbia kidogo, anachuchumaa na kusema mapaja yanauma. Damu za pua zilimtoka mara kwa mara. Wenzake walimwita "juu beberu, chini kuku," naye akawalilia kama beberu mpaka wakachoka wenyewe.

Alipokuwa na miaka mitano nilimpeleka kwa Bibi Daktari, mwanamke wa Kizungu aliyekaa kwetu muda mrefu na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Hakuanza na kifua. Alishika kiwiko cha mkono wa mtoto kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili akaviweka kwenye kinena, penye mkunjo wa paja. Akafumba macho. Kisha akanichukua mkono akanionyesha. Mkononi mshipa uligonga kwa nguvu. Kwenye kinena palikuwa kimya, halafu ukaja mpigo dhaifu, umechelewa, kama mtu anayebisha hodi huku anaogopa kufunguliwa. Nimeogesha watoto wengi. Tangu siku ile kila mtoto niliyemwogesha nilimgusa pale, na wote mshipa uligonga.

Akamfunga mkanda wa presha mkononi, zebaki ikasema mia na arobaini. Akachukua mkanda mpana, akamfunga pajani, akasikiliza nyuma ya goti muda mrefu sana. Themanini. Akanieleza kwamba kwa mtu mwenye afya mguu haupungui mkono, kwa kawaida huuzidi kidogo. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni hutoa kwanza matawi ya kichwa na mikono, kisha hushuka. Wa Sila umebanwa baada tu ya matawi hayo. Damu inasongamana juu, chini inafika kidogo.

"Ulaya wameanza kukata pale palipobanwa na kuunga ncha mbili," alisema. "Lakini si sasa. Mshipa wake bado mdogo, na kiungo kisipokua pamoja naye patabana tena. Tukichelewa mno nako, mshipa unakakamaa, na moyo na kichwa vinakuwa vimeumizwa na presha. Akifika miaka kumi nitaandika barua London."

Alinionya nisiache kumleta. Kila miezi sita apimwe mkono na mguu, na namba ziandikwe katika safu mbili. Mwisho wa mwaka 1951 akaenda likizo kwao, na hakurudi. Kazi ya kupima akamwachia dresa Nikodemo, msaidizi wa daktari, kijana wa misheni, Mgogo mwenzangu, shati jeupe siku zote.

Mara sita Nikodemo alimpima Sila, na mara zote sita mimi ndiye niliyeshika mguu. Mkono aliusikia. Akifika kwenye mguu, anaweka mipira masikioni, anapandisha zebaki, anaishusha, anapandisha tena, anakunja uso. Kisha anachukua kalamu na kuandika.

Mara ya pili nilimuuliza, "Umesikia kitu, Nikodemo?"

"Mama Sila, kazi yako kushika mguu. Kusikia ni kwangu."

"Basi nambie umesikia ngapi."

"Hata nikikwambia, utaisoma wapi?"

Wauguzi wawili walicheka. Nami niliendelea kushika mguu, maana mshahara wangu ulitoka mlango ule ule.

Mwaka 1954 Sila akafika kumi. Daktari mpya, Mzungu aliyeshuka kwenye treni mwezi mmoja kabla, alifungua faili. Hakujua Kiswahili, Nikodemo ndiye aliyetafsiri. Daktari akapitisha kidole kwenye safu ya mikono, kisha ya miguu. Nikodemo akanitafsiria: miguu haipungui mikono, kwa hiyo hakuna mshipa uliobanwa, Bibi Daktari alikosea. Labda ni figo. Aletwe akiumwa.

Nilisimama. Nilisema kwa sauti kwamba namba za miguu hazikusikiwa na mtu, kwamba nilikuwapo, kwamba daktari aguse kinena cha mtoto kwa vidole vyake mwenyewe atajua sasa hivi. Nilisema maneno mengi. Nikodemo alitafsiri kwa maneno machache sana. Daktari akatabasamu, akanipigapiga begani, akaita mgonjwa mwingine.

Hakumgusa. Faili lilikuwa nadhifu.

Sila alikua. Akaajiriwa dukani kwa Vithaldas, muuza vitambaa, kupima na kukata. Alisifiwa kwa mikono yake na kwa utani wake. Wanawake walimngoja yeye. Miguu ilipochoka Vithaldas alimpa kigoda, akasema hajapata kuona karani anayeuza amekaa na bado anauza kuliko waliosimama. Lakini kichwa kilimuuma, na usiku nililala nikisikia moyo wake unavyogonga godoro.

Mwaka 1960 alikuja Daktari Harshad. Nilimpeleka Sila siku ya kwanza niliyoweza, na yeye alifanya kama Bibi Daktari: vidole mkononi, vidole kwenye kinena. Akamgeuza, akanionyesha mishipa inayogonga chini ya ngozi karibu na bega, njia za mzunguko ambazo damu ilijitafutia ili ishuke. Picha ya eksirei ikaonyesha mbavu zimelika kingo kwa kubanwa na mishipa hiyo. Mkono mia na tisini na tano. Mguu, tisini kwa shida.

Akafungua faili la zamani, akatazama safu ya pili.

"Nani alisikia miguu hii, mama?"

"Hakuna."

Alisema muda haujaisha kabisa, ila umepotea mwingi, na presha ile haingoji. Siku hiyo hiyo akaandika barua London. Siku ya kumi na moja Sila alishika kichwa dukani, mkasi mkononi, akaanguka. Mshipa ulipasuka ndani ya kichwa. Aliishi siku mbili bila kunijua.

Nikodemo alikuja matangani. Nilimpeleka nyuma ya nyumba, nikamuuliza, na safari hii alijibu. Alisema alipokuwa mwanafunzi alichapwa kwa kuacha nafasi tupu kwenye fomu. Nafasi tupu iliitwa uvivu. Kwa Sila hakusikia kitu nyuma ya goti. "Nilidhani masikio yangu ndiyo mabovu, mama. Niliona aibu." Basi akaandika namba iliyozidi kidogo ile ya mkono, kama kitabu kinavyosema iwe. Kimya kile alichokionea aibu ndicho kilichokuwa ugonjwa wenyewe. Angekiandika, mwanangu angepanda meli.

Alilia. Sikumbembeleza.

Leo Nikodemo ni dresa mkuu, anafundisha vijana kupima. Anadaiwa kusimama mbele ya Daktari Harshad na kusema kwa kinywa chake ni karatasi za nani nyingine alizozijaza bila kusikia, maana haiwezekani akawa Sila peke yake, na watoto hao huenda bado wana muda. Anadaiwa pia kutafsiri upya, neno kwa neno, niliyoyasema siku ile. Na yule daktari, popote alipo kwao Uingereza, anadaiwa vidole viwili kwenye kinena cha mtoto wa miaka kumi. Mpaka leo hakuna aliyelipa.