Kicheko cha Hirsi kwenye Simu

Mume wangu Hirsi ni dalali wa mbuzi na ng'ombe hapa Garissa, na kwa kiburi hana mpinzani. Masikio yake yalianza kufa miaka mitatu iliyopita. Sokoni hakuna aliyejua, kwa sababu bei ya mnyama kwetu haisemwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, wakasemezana kwa vidole. Vidole vya Hirsi vilisikia vizuri kabisa.

Shida ilikuwa simu. Nilimwambia, "Baba Ilwad, waambie watu husikii." Akanijibu, "Dalali kiziwi nani atampa mnyama wake? Unataka wanicheke?" Basi, kichwa ngumu, fanya upendavyo.

Binti yetu Ilwad ndiye aliyemtafutia njia. Simu moja Hirsi anaiweka sauti ya juu, ya pili anailaza kando yake, na hiyo ya pili inaandika maneno yanayosemwa. Ilwad aliiweka Kiswahili, maana wateja wa Nairobi ni watu wa Kiswahili. Hirsi anasoma, anajibu, mteja wa upande wa pili hajui lolote. Sisi kwa sisi simu hatumpigii, tunamwendea. Ndugu wa mbali wakipiga kwa Kisomali napokea mimi, nasema yuko msikitini. Wallahi, mtu huyo alisali sana miaka hiyo.

Jumatatu ile mbuzi zake zilikuwa zimefika kwa Mutiso, mchinjaji wa Nairobi. Kama kawaida, Deeq alikuwa amepanda lori pamoja nazo. Deeq ni binamu yake Hirsi na rafiki yake tangu wachunge ndama pamoja kule Hadado. Mutiso akapiga simu, nikawaacha wakiongea, nikaenda jikoni kuchukua chai.

Niliporudi nilisikia mtu analia ndani ya simu, na mume wangu anacheka.

Aliyelia alikuwa Warsame, dereva wa lori. Alikuwa amechukua simu ya Mutiso ili atoe habari, na habari kama ile mtu wetu haitoi kwa Kiswahili. Alisema kwa Kisomali kwamba Deeq amebanwa na kifua, amefia hospitalini. Ile simu ya kuandika haikujua kuwa lugha imebadilika. Ilikuwa inangoja Kiswahili, ikakilazimisha Kisomali kiwe Kiswahili: maneno matatu ya ovyo, kisha mengine ya ovyo. Hirsi alidhani mtandao unasumbua na Mutiso bado anasifia mbuzi. Akapaza sauti, "Alhamdulillah! Umenifurahisha sana! Wiki ijayo nakuletea wengine!"

Nilimnyang'anya simu. Warsame alikuwa ameshakata.

Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari: Hirsi kaambiwa Deeq amekufa, akacheka. Aibu ilinivaa hata nikashindwa kutoka nje kuanika nguo. Na yeye alikaa chini, shuka kichwani, anarudia, "Nilicheka, Kowsar. Nilicheka."

Tulienda matangani. Wanaume walisalimiana naye kwa ncha za vidole, wakamgeuzia mabega. Abdilatif, kaka yake Deeq, hakumtazama kabisa. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa na hasira pia, sitaficha. Neno moja tu, "sisikii", lingetuokoa, na mtu mzima amelikalia miaka mitatu!

Hatimaye Hirsi akasimama katikati ya watu. Akasema kwa Kisomali, kwa sauti kubwa kuliko alivyojua, "Mimi ni kiziwi. Sikumsikia Warsame. Nilikuwa nasoma simu, na simu haikumwelewa. Niliona haya kuwaambia. Nisameheni." Akamnyooshea Abdilatif ile simu, yale maneno ya ovyo bado yamo. Abdilatif akasoma, akamrudishia.

Barwaqo, mjane wa Deeq, alikuwa amekaa na wanawake mlangoni. Akaniuliza, "Abaayo, dada yangu, hiyo simu yake inajua Kiswahili?"

Nikamwambia, "Inajua."

Akainuka na nguo zake za eda, akaomba apewe ile simu. Akaisogeza karibu na mdomo, akasema polepole, Kiswahili chake cha sokoni, na maandishi yakawa yanatokea neno moja moja. Kisha akaigeuzia kwa Hirsi.

Hirsi aliyasoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Deeq alijua wewe hasikii. Alijua zamani. Daktari alimkataza safari. Deeq alisema Hirsi akienda Nairobi peke yake, watu watajua, ataona haya. Ndio maana alikuwa anapanda lori badala yako."

Alipofika mwisho alirudi juu, akaanza kusoma upya. Neno la kwanza lilikuwa jina la Deeq.