Kidonge cha Tekla

Bibi Editruda Ligoneka alikuwa mganga huko milimani Mahenge kabla zahanati ya kijiji haijapata mlango. Ponsiano, tabibu wa zahanati hiyo, alipokuja kwake mara ya kwanza, hakukunja pua kwa moshi wa dawa zake wala hakumwita mchawi. Alikaa kwenye kigoda, akanywa togwa, wakaelewana: Bibi atafanya tambiko lake, yeye atatoa vidonge vyake, na hakuna atakayemsema mwenzake vibaya.

Ndivyo Tekla, mtoto wa Lukasi, alivyoanza fenobabitoni, vidonge vya kifafa. Lukasi hakutaka. Kifafa cha binti yake kilitoka kwa mizimu ya upande wa mama, na mizimu haimezi vidonge.

"Mizimu nimeshasema nayo," Bibi alimwambia. "Imekubali. Ila kidonge kila jioni, usiruke hata siku moja. Ukiruka, anaanguka vibaya kuliko mwanzo."

Hayo ya kuruka aliyatoa kwa Ponsiano, lakini yalipopita kinywani mwa Bibi ndipo Lukasi alipoyasikia. Miezi saba Tekla hakuanguka.

Kisha vidonge vikaisha zahanati. Muuguzi alisema bohari ya dawa nako hakuna, na tabibu yuko Morogoro kwenye semina ya kushirikiana na waganga wa jadi.

Siku ya tano bila kidonge, Tekla alianguka jikoni, mkono ndani ya moto. Majirani walisimama mbali, wakiogopa lile povu. Bibi aliwapita, akamvuta, akamlaza ubavu, akamwagia mkono maji ya mtungi mpaka mtungi ukaisha. "Kijiko kitoe," alimwambia shangazi aliyekuwa akikinyoosha kutoka mlangoni. "Mdomoni haingii kitu." Mtoto alipotulia, wakampeleka zahanati kufungwa kidonda.

Jioni Lukasi akaja.

"Ameungua, Bibi. Mwenye kifafa akishaungua haponi tena. Si wewe uliyetufundisha?"

Ni yeye. Miaka thelathini alikuwa akiwarudisha kwao bila dawa watoto walioungua, kama alivyofunzwa na mama yake.

"Nilikosea," alisema.

"Na mizimu iliyokubali, nayo ilikosea?"

Angeweza kumwambia kwamba mizimu haikuulizwa kuhusu bohari. Kesho yake Lukasi akampeleka Tekla kwa mganga mwingine ng'ambo ya mto, ambaye sharti lake la kwanza lilikuwa kutomeza cha hospitali.

Wiki ya pili Ponsiano akarudi, begani mfuko wa semina, mkononi cheti chenye muhuri.

"Mama, wamekutaja mbele ya ukumbi mzima. Mfano wa kuigwa. Wakapiga makofi."

"Vidonge?"

"Vimekuja leo. Nimemwekea Tekla vya miezi miwili. Twende wote kwa Lukasi, wewe anakusikiliza."

Bibi alikitazama cheti, akakiacha mkononi mwa Ponsiano.

"Nenda nacho wewe, mwanangu. Msomee. Neno langu mlishalitumia likaisha, na hilo bohari hawana."

Ponsiano akashuka peke yake. Bibi alimwona akibisha kwa Lukasi, akisubiri, akibisha tena. Mlango haukufunguliwa.