Sare za Kijani

Pikipiki ya Ignas ilipopinda kuiacha lami na kushuka upande wa ziwa, Evodia alimgonga mkwewe begani.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama. Hapo kwenye maua ndipo nilipoacha barua na mzigo."

Evodia hakuwahi kuiona hoteli hiyo. Aliijua kwa barua tu, barua aliyoiandika kwa mkono wake kwenye kibanda chake cha ushonaji pale Mtinko, akairudia mara tatu ndipo akaipeleka kuchapwa. Aliomba kushona sare za wafanyakazi ishirini na wanne. Gauni la wahudumu wa vyumba shilingi elfu thelathini na nane, shati la wa mezani elfu ishirini na tano, koti la mpishi elfu arobaini na tano, kitambaa na vifungo ndani yake. Nusu ya malipo kwanza, mzigo ndani ya wiki tatu. Bei idumu siku thelathini. Sampuli tatu, moja ya kila aina, zirudishwe kama kazi haikupatikana. Ignas alipozifikisha, mapokezi walimgongea muhuri kwenye nakala.

Zilipita wiki tano, kimya. Evodia alikuwa amewaambia Dorkas na Theresia, wanawake aliowafundisha kushona, wasichukue kazi nyingine. Sasa Theresia alishaanza kuulizia vibarua vya kupalilia alizeti.

Mlangoni msichana alimpokea. "Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba, mwana..." Neno likakatikia mdomoni.

Msichana alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe. Lilikuwa gauni lake. Evodia alilijua kama mtu anavyomjua mbuzi wake katikati ya kundi.

"Unaitwa nani?"

"Rahel."

"Geuka, Rahel."

Mgongoni kulikuwa na mkunjo unaofunguka, aliouweka ili mtandika vitanda ainame bila kubanwa. Akapindua ukingo wa pembeni. Ndani kulikuwa na vidole viwili vya kitambaa cha akiba. Yeye huacha hivyo katika kila nguo, kwa sababu mwanamke hunenepa, na nguo nzuri humfuata.

"Umelipata wapi?"

"Meneja alinipa. Wenzangu walishonewa mjini kwa kufuata hili." Rahel akashusha sauti. "Langu ndilo halijachanika."

Wasichana wawili walipita na ndoo, wamevaa kijani kilekile. Mmoja alikuwa amelibana gauni kwapani kwa pini. Mkunjo wa mgongoni ulikuwa umepigwa pasi tu, chini umeshonwa ukafungwa.

Hasira ilimpanda Evodia kutoka kwenye nyayo.

Bwana Clement, meneja, alitoka na simu sikioni, akamwona ameshika ukingo wa gauni la Rahel. Umri wake ulikuwa sawa na wa mtoto wa Evodia, lakini shikamoo hakuitoa.

"Mama wa Mtinko! Umekuja wakati mzuri. Tulipata mtu wa bei nafuu kidogo, si unajua biashara. Ila sare zake zinatusumbua kwapani. Zichukue ukazitanue, nitakutafutia nauli."

"Nizitanue kwa nini? Kwa mate?"

"Mama, taratibu. Kuna wageni."

"Wageni wasikie! Huyo wako kakata kitambaa mpaka kwenye mstari ili aokoe mita. Ndani hamna kitu. Uliichukua kazi ya mikono yangu ukampelekea aige, na kuiga kwenyewe hakujui!"

"Si ulileta mwenyewe sampuli?"

Evodia alifungua mkoba, akaweka nakala mezani, kidole kwenye muhuri. "Soma. Zirudishwe. Au muhuri huu si wenu?"

Clement alisoma. "Sawa. Basi nakupa kazi yote, kwa bei zako hizohizo. Jumamosi tunapokea mkutano wa watu themanini."

Ndiyo kazi aliyoifuata Evodia. Aliwaona Dorkas na Theresia wakikanyaga cherehani. Akamwangalia kijana huyu aliyekuwa ameshamshika mkono wa makubaliano, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Bei ilikuwa ya siku thelathini. Zimekwisha. Na Jumamosi haiwezekani, hata kwa malaika." Akauchomoa mkono. "Mimi niliandika barua yangu, hukujibu. Sasa andika wewe. Useme unataka nguo ngapi, na nusu unalipa lini. Nikiona inafaa, nitakupa bei mpya."

"Mama, tuelewane..."

"Kwanza nguo zangu."

Koti na shati vililetwa kutoka stoo. Rahel alikwenda kubadilisha, akarudi amevaa kitenge, gauni limekunjwa vizuri mikononi.

"Samahani, mama."

"Wewe huna kosa, mwanangu. Lilikukaa."

Evodia alipanda nyuma ya Ignas, kifurushi kifuani. "Wametupa kazi?" Ignas aliuliza.

"Washa pikipiki."

Clement alibaki mlangoni na nakala aliyoachiwa, akimwita Rahel amtafutie kalamu.