Kisanduku Chekundu cha Baba

Baba alichimba dhahabu Nyakunguru hadi vumbi la mawe likamkaa kifuani. Sasa analala kwetu hapa Mugumu, mrija wa oksijeni puani, na mashine yake inanguruma sakafuni kando ya kitanda. Ufagio unatimua vumbi linalomkohoza, kwa hiyo kaka yangu, anayefanya biashara Uchina, alituletea roboti ya kufagia. Programu yake iko kwenye simu yangu: ramani ya nyumba na ratiba ya kila asubuhi, vyote Kichina kitupu. Kabla ya kurudi Uchina alichora kwenye ramani hiyo kisanduku chekundu kuzunguka kitanda cha baba, akaniambia roboti haitakanyaga humo, maana ingemeza mrija. Mama hakuwepo.

Jioni moja nilikuwa nahangaika na hiyo ratiba, nabonyeza kwa kubahatisha, ukafunguka ukurasa wa kurekebisha ramani. Ugali ukaanza kuungua. Nikamwachia mama simu, nikakimbilia jikoni.

Kesho yake nikiwa dukani, simu ikalia. Nikafungua ramani. Kisanduku hakipo. Mstari wa roboti umeingia chumbani kwa baba, umefika kitandani, umesimama. Chini yake sentensi nyekundu ya Kichina. Jamani, nilitoa macho kama mjinga. Imekwama kwenye kandambili au kwenye mrija? Nikampigia baba. Iliita mpaka ikakatika. Mama alikuwa shambani.

Nikaacha duka wazi, nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa naona mazishi.

Mashine ilikuwa inapiga kelele. Baba ameinama ukingoni mwa kitanda, midomo imekuwa ya bluu, anavuta mrija uliojiviringisha kwenye brashi ya roboti. Hana sauti hata ya kuniita. Mrija wa akiba uliniponyoka mara mbili ndipo ukaingia kwenye mashine, kisha puani. Nikakaa chini nikimsikiliza kila pumzi, naogopa inayofuata isije.

Ilikuja. Midomo ikarudi rangi yake taratibu.

Mama aliporudi nikamuuliza kuhusu simu. Akasimama mlangoni na jembe lake. Akasema jana aliona kitanda cha mumewe kimezungushiwa wekundu, na pembeni kuna X. Nyumba yetu ya kwanza, ile ya kando ya barabara, ilipigwa X nyekundu ukutani, na greda likaja kweli likaibomoa sisi tukitazama. Akaigusa ile X ili iondoke. Vikatokea vitufe viwili, akabonyeza chenye rangi.

"Nilidhani wamemwandikia aondoke," akasema.

Nikamweleza kuwa wekundu ule ndio unaomkinga baba na roboti. Nikampigia kaka, akanielekeza kitufe kwa kitufe. Mama aliketi kitandani, amemshika baba mkono, haondoi macho kwenye simu mpaka wekundu ulipozunguka tena.

"Na hiyo X," akaniambia, "mtu asiiguse."

Mpaka leo, kila asubuhi kabla roboti haijaamka, ananiomba simu aitazame.