Kasoro ya Mama Mapasa

Mimi ni mtu wa kulalamika, na kazi ya kupima programu hunilipa mshahara kwa tabia ile ile iliyomchosha mama yangu. Niliisomea Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, katika chumba chenye umeme wa jua, kisha nikaajiriwa na ofisi ndogo ya City Centre, Lilongwe, iliyokuwa ikitengeneza programu ya simu ya kuwatafuta watu waliopotezana vitani. Ulikuwa mwaka ambao vita viliwaka tena upande wetu wa Kivu, Kongo. Wageni walikuwa wakiingia kambini na swali moja: nani amemwona mwanangu, nani amemwona mume wangu.

Programu ilitakiwa kufunguliwa kwa watu wote Jumatatu. Ijumaa nikaandaa msako wa kasoro. Asiyeujua aelewe hivi: ni saa chache ambazo watu wote wa ofisi, si wapimaji peke yao, huweka kazi zao kando na kuihangaisha programu kabla haijatoka. Mhasibu, dereva, mkalimani, kila mmoja na simu yake. Aliyeiunda programu hupita njia anazozijua; mgeni hukanyaga popote, na hapo ndipo sakafu mbovu hujulikana. Muda huo waandishi wa programu hawagusi kitu, ili sote tupime kitu kile kile. Kwa kuwa sisi wa kambini tulihitaji kibali kwenda mjini, wenzetu wa Lilongwe walikuja kwetu kwa minibasi.

Niligawa kazi kwa meza: meza moja iandikishe wanaotafutwa, nyingine waliopatikana. Tulitumia seva ya majaribio, isiyoweza kutuma ujumbe ila kwa simu zetu. Kila kasoro iandikwe peke yake, pamoja na hatua ulizofuata, ulichotarajia kuona, na ulichokiona. Majina yawe ya kubuni. Hilo nililirudia kwa sauti isiyopendeza. Zawadi ilikuwa mfuko wa sukari, kwa kasoro nzito kuliko zote. Si kwa aliyeandika nyingi, maana msako uliotangulia mhasibu alishinda kwa kuokota makosa ya herufi tu, na mpaka leo sijamsamehe.

Kwenye meza ya wanaotafutwa alikaa mkalimani wetu, mama wa makamo kutoka Fizi, ambaye ndiye angepokea simu za wanaotafuta ndugu. Tulimwita Mama Mapasa, kwa heshima anayopewa kwetu kila aliyezaa mapacha. Pacha wa kike alikuwa naye kambini, fundi cherehani. Wa kiume alipotea njiani walipokuwa wakikimbia, mgongoni kwa shangazi yake, na hawakuonekana tena wote wawili. Hakuna aliyethubutu kumpunguzia mama huyo jina lake kwa kuwa amebaki na mmoja.

Mwanzo ulikuwa wa kelele. Dereva alilaza simu yake ubavu na maandishi yote yakafutika; akashangilia kama aliyenasa sungura. Mhasibu alirudi kwenye herufi zake. Nilikuwa nikipita kati ya meza, nikiwakemea wanaoripoti jambo lililokwisha kuripotiwa, ndipo nikamwona Mama Mapasa ameishika simu kwa mikono miwili.

Niliinama nikasoma. "Ndugu yako amepatikana. Utapigiwa simu."

"Mama, umeandika jina gani?"

"Ya mutoto wangu," akasema. "Nilishindwa kutunga ya uongo. Dada, njo yeye?" Alitaka kujua kama ndiye.

Nilijua jibu, na nilichukia kulijua. Niligeuka kwenye meza ya pili nikauliza nani ameandika jina hilo. Mtunza stoo, mtu wa Uvira, akainua mkono. "Ulisema jina ya kutunga. Ile ya mapasa iko mu kila nyumba, nikaona haiko ya muntu."

Hapo nikaelewa. Kwetu mapacha hawachaguliwi majina. Wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, na anayewafuata ana lake, katika kila nyumba. Mtunza stoo aliandika jina la pacha na Fizi, akaacha umri wazi kwa haraka. Programu iliona jina sawa, mahali sawa, na palipoachwa wazi ikapahesabu kuwa hapapingani na kitu. Ikatuma furaha bila kumuuliza mtu.

Nilirudi nikamwambia, "Haiko yeye, mama. Ni jaribio." Sijawahi kusema maneno mabaya kuliko hayo, na niliyasema kwa upole nisiokuwa nao siku nyingine.

Kisha akafungua sehemu ya kuripoti, akaandika hatua moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye "ulichotarajia kuona", kidole kikasimama.

"Hapa naandika nini?"

Nilitaka kumwandikia mimi. Akaivuta simu, akaandika neno moja: "Bado."

Baada ya msako tuliketi kupanga kasoro kwa uzito. Mkuu wa waandishi wa programu, Mmalawi mpole aliyekuwa amebanwa na wafadhili, aliisoma ripoti ile kupitia tafsiri yangu. "Pepani, amayi," akamwambia, pole sana mama. Lakini akasema watu wenye jina moja kutoka sehemu moja ni wachache. Tufungue Jumatatu, turekebishe baadaye. Niliwaza mama kama huyu, peke yake kibandani na simu, bila mimi wa kumwambia kwamba siyo.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Mapasa alisimama akaenda mlangoni. Nje watu walikuwa kwenye foleni ya bomba. Akaita jina la mwanawe, kwa sauti ya mama anayeita mtoto aje kula.

Mwendesha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, akasimama. Mzee mwenye ndoo akageuka. Kijana aliyekuwa akinyolewa akainua kichwa, kinyozi akamshika. Mtoto mdogo akaitika, "Abee."

Mkuu aliwatazama, kisha akavuta kompyuta yake na kuandika kwamba Jumatatu hatufungui. Lakini mimi nilikuwa nikimwangalia mama. Aliwatazama waliogeuka mmoja mmoja, na macho yake yakakaa muda mrefu zaidi kwa kijana wa kinyozini. Kisha akawaambia, "Munisamehe, batoto," akarudi kuketi. Sukari ilikuwa yake kwa haki, na hakuna aliyejua namna ya kumpa. Akaichukua mwenyewe mezani.

Waandishi walirekebisha wiki iliyofuata. Sasa umri usiojazwa haukuhesabiwa kuwa umelingana, na hakuna ujumbe uliotoka mpaka mtu wa ofisi apige simu pande zote mbili na kuhakikisha. Na kwa desturi ya kazi yetu, aliyeripoti kasoro ndiye huipima tena na kuifunga. Nilimwambia nitampimia mimi. Akakataa. Alichemsha chai kwa sukari ile, akatumiminia wote, ndipo akaandika upya jina la mwanawe kwenye seva ya majaribio, na mtunza stoo akaandika jina lile lile kwa waliopatikana, kama siku ile.

Tulisubiri. Simu ya mama ikabaki kimya. Kwenye skrini yakatokea maneno: "Bado hatujampata. Tunaendelea kutafuta."

Mama Mapasa aliyasoma taratibu. Akabonyeza kuifunga kasoro yake.

"Iko sawa," akasema.

Nikamweleza kwamba majina yote ya majaribio yangefutwa kabla ya kufungua. Akauliza, "Na yeye munamufuta?" Nikamjibu ndiyo, pamoja na wengine. Basi asubuhi tulipoifungua programu kwa watu wote, nilimkuta amefika mapema kuliko mimi, amekaa mlangoni na simu mkononi, na jina la kwanza kuingia lilikuwa la mwanawe.