Vipepeo wa Pale Alipokaa Marehemu

Wiki chache baada ya kumzika mume wangu, vipepeo walianza kujazana uani kwetu mtaa wa Gerezani, palepale alipozoea kuweka kiti chake. Walitua kwenye tope, wakanyoosha mirija yao na kufyonza. Niliwaambia wapangaji wenzangu kwamba marehemu anatusalimia, nami niliamini hivyo.

Mpangaji mmoja, binti anayefundisha sayansi, alichuchumaa akatazama.

"Mama, hapa unamwaga nini?"

"Maji niliyorowekea papa." Nilianza kuuza wali na papa mkavu baada ya msiba, na papa lazima arowekwe chumvi ipungue.

"Basi wanafuata chumvi. Maua yana sukari, lakini chumvi ni kidogo mno. Na wengi wa hawa ni madume. Wakipandana na majike huwapa chumvi hiyo, ikasaidie mayai."

"Kumbe wanatafuta mahari!"

"Mahari hasa, mama!"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Lakini moyoni nilitaka kujua kama ni mume wangu au siye. Siku nne nikamwaga maji ya papa kando ya ukuta, na pale pa kiti nikamwaga ya bomba. Vipepeo wakahamia ukutani.

Niliwaambia wapangaji ukweli: nilikosea, ni chumvi tu. Kisha nikarudisha maji ya papa pale pa kiti. Marehemu naye alikuwa hali chakula mpaka aongeze chumvi.